Rafiki yangu amejifungua, kanijibu "karibu" tu. Niende?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka minne, naishi Tabata. Rafiki yangu wa tangu sekondari amejifungua kwa upasuaji, mtoto wake wa kwanza, na leo ni siku ya tisa. Anakaa Mbezi na mumewe, na mama mkwe wake ameshuka kutoka Rombo kumhudumia.

Nilipojifungua mimi, mama yangu alikuwa ameshafariki. Huyu rafiki alikuja bila kuitwa, akalala kwangu siku tatu, akanifulia hadi nepi. Sijasahau. Sasa alipotoka hospitali nilimwandikia: "Hongera sana mzazi! Nije lini nikuone? Niambie siku utakayokuwa na nafasi, na ukihitaji chochote usisite kusema." Akajibu, "Asante, karibu." Basi. Juzi nikamuuliza kama nije kesho yake, akasoma, hakujibu. Nikampigia mumewe, akasema, "Shemeji, we njoo tu, karibu sana!"

Kwenye kundi letu la wasapu wenzangu saba wamepanga kwenda Jumamosi, kila mtu anachanga elfu ishirini, wananiuliza kama nipo. Mwanangu naye ana hamu ya kumwona kichanga, ila ana kikohozi kidogo alichokitoa chekechea.

Nikienda naogopa kumchosha. Nisipoenda ataona nimemtupa, na huyo mama mkwe atasema rafiki gani huyu. Nimuombeje kwenda bila kumbebesha mzigo?

Mwenye Hodi, Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Hilo jina ulilojipa limenifurahisha, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu langu imo humo humo.

Mtu mwenye adabu hupigaje hodi? Hupiga moja, akasubiri. Hupiga ya pili, akasubiri. Ya tatu isipoitikiwa hugeuka akaenda zake, hachungulii dirishani wala hapiti mtaani akisimulia kwamba kafukuzwa. Mwenye nyumba naye hadaiwi maelezo: huenda alikuwa anaoga, alikuwa amelala, au hakutaka mtu. Ndiyo raha ya hodi, kwamba kunyamaza kumeshahesabiwa kuwa jibu. Sasa usome tena ule ujumbe wako wa kwanza. "Nije lini nikuone?" si hodi hiyo, mwanangu. Hapo umeshaingia sebuleni, unauliza kiti.

Nakuambia hivyo kwa upendo, kwa kuwa hata mimi nimeshaandika ujumbe wa aina hiyo mara nyingi. Lakini angalia kazi uliyompa. Atafute siku. Akumbuke siku hiyo nani mwingine anakuja. Amuulize mkwe. Kisha "ukihitaji chochote usisite" inamtaka akae aorodheshe shida zake na kuchagua ipi inafaa kumwambia rafiki. Haya yote kwa mtu anayeandika kwa kidole gumba kimoja, mkono wa pili umeshika kichwa cha mtoto. Akachukua neno fupi kuliko yote aliyokuwa nayo: karibu.

Na hilo neno tulitazame vizuri. "Karibu" ndiyo tunayomjibu hata mtu aliyetukuta tunakula na kwenye sufuria umebaki ukoko. Sisi hatuna namna ya heshima ya kumwambia mgeni asije, kwa hiyo "hapana" yetu huvaa nguo za "karibu" ikapita. Mimi huzitenganisha hivi: kuna karibu ya mdomo na kuna karibu ya saa. Karibu ya mdomo haina siku wala muda. Karibu ya saa husema, "Karibu Jumapili kuanzia saa tisa, mama atakuwa kesharudi kanisani." Aliyekutajia saa ameshapiga picha umekaa mbele yake na hakuumia. Ya rafiki yako ilikuwa ya mdomo. Ya shemeji yako nayo ni ya mdomo, ila imesemwa kwa sauti kubwa, maana yeye hana kidonda. Simlaumu. Sheria ya kazi inampa baba siku 3 tu za lazima, ndani ya wiki ya kwanza, na kama ameajiriwa inawezekana ameshazimaliza. Hajui saa kumi jioni nyumba yake inafananaje.

Sasa usije ukaruka upande wa pili ukasema, "Kumbe hanitaki." Hilo nalo hulijui. Nilifanya kazi wodi ya wazazi miaka kumi na tisa, na nikwambie siku ya tisa ya aliyepasuliwa huwaje, ili ule ukimya wa juzi uupe maana inayoufaa.

Kuamka kitandani kwake ni safari. Hainuki moja kwa moja kama wewe. Anageuka kwanza alalie ubavu, anashusha miguu, anajisukuma kwa kiwiko, mkono mwingine umebana tumbo. Akicheka, nyuzi zinavuta. Akikohoa, ndiyo usiseme. Mtoto wa umri huo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku na mchana, na kila mnyonyo unaweza kuchukua nusu saa au zaidi, kwa sababu kichanga hunyonya, husinzia, huamka, huanza upya. Tuseme ameanza kunyonyesha saa nane mchana. Anamaliza saa nane na dakika arobaini, pamoja na kumcheulisha na kumbadilisha. Mnyonyo unaofuata ni saa kumi na nusu hivi. Hapo katikati amepata muda usiofika saa mbili, na ndani yake aoge, ale, anywe dawa, alale. Mgeni anayeingia saa tisa akaondoka saa kumi na dakika ishirini haoni kama amekaa sana. Kumbe huo muda wote alioula ndio uliokuwa usingizi wa mwenzake wa mchana.

Kuna jambo jingine wageni hawalioni. Wazazi wengi, hasa wa kwanza, huona haya kunyonyesha mbele za watu wakiwa bado hawajaweza vizuri kumweka mtoto kwenye titi. Basi mtoto akianza kulialia, anambembeleza, anamrushia rushia, anasubiri mgeni aage. Nusu saa inapita. Matiti yanajaa, yanakuwa magumu na kuuma, na mtoto aliyelia mpaka akachoka hashiki titi vizuri. Usiku ule mama analia, na mgeni yuko nyumbani anaweka picha kwenye simu, "nimemwona kijukuu changu".

Kwa hiyo ujumbe uliosomwa bila kujibiwa siku ya saba au ya nane mara nyingi maana yake ni kwamba umesomwa saa tisa za usiku, mtu akasema nitajibu asubuhi, na asubuhi haikufika kama asubuhi.

Sasa twende kwenye hodi yako ya pili. Ningekuwa mimi, ningeandika mfano wa hivi, nawe utaigeuza iwe na sauti yenu wawili:

"Mwenzangu, usihangaike kujibu. Jumanne nitapita huko kwenu saa kumi jioni kuleta matunda na sabuni, nitampa mama mlangoni na kumsalimia. Ukitaka niingie dakika ishirini, nitumie tu alama ya dole. Usiponitumia nitajua umelala, nitarudi zangu na moyo mweupe. Mtoto nitamwona, hakimbii."

Ona kilichobadilika. Siku na saa umetafuta wewe. Muda wa kukaa umeutaja kabla hajajiuliza. Na kitu kikubwa kuliko vyote ni upande ulioupa ukimya: akinyamaza, huingii. Watu wengi hugeuza. Huandika, "Nitakuja Jumanne, kama una tatizo uniambie." Hapo akinyamaza, unaingia, na ili akuzuie lazima apate nguvu za kukukatalia. Mzazi mwenye siku kumi na mbili hana nguvu hizo. Atakupokea, atakaa kitini wima amebana tumbo, atatabasamu. Iandike, usiirekodi kwa sauti, kwa kuwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu hauwezi kuufungua karibu na mtoto aliyelala. Na usipige simu.

Ina kasoro yake njia hii, sikufichi. Inawezekana hakuuona ujumbe, akawa amekaa anakungoja moyoni, nawe ukakabidhi mfuko mlangoni ukaondoka. Ndiyo maana nasema hodi ni tatu. Jioni ile ile mwandikie mstari mmoja, "Nimepita, mama kanipokea vizuri, pumzika." Kama alikutaka, ataruka. Kama hakuwa tayari, utakuwa umemhakikishia kwamba hujanuna, na hiyo mara nyingi ndiyo inayomfungua mtu mdomo. Hodi ya tatu uiache wiki moja mbele.

Kuna kauli moja kwenye ujumbe huo ambayo uiandike kama ni kweli tu, kwamba utakuwa unapita huko. Kutoka Tabata hadi Mbezi kwa foleni ya jioni unakujua wewe. Mtu aliyekaa barabarani saa moja na nusu haambiwi "mzazi kalala" akaachwa arudi. Mkwe ataona aibu, atakuamshia. Kama una shughuli yoyote upande wa Kimara, iunganishe na safari hiyo. Kama huna, chagua saa ambayo barabara ni nyepesi, ili kurudishwa mlangoni kusiwe msiba kwako wala kwao.

Halafu huyo mama mkwe. Umemwandika kama mlinzi wa geti, na sijui kama ni haki. Kwa desturi ya Wachaga wengi mzazi hukaa ndani miezi mitatu akilishwa na kutunzwa, kama vile Pwani anavyokaa siku arobaini. Huyo mama ameacha migomba yake Rombo ili kijana wake na mkwewe wasiharibikiwe. Yeye ndiye anayejua mzazi kalala saa ngapi. Ombi lako kwa shemeji lingefaa lipite kwake: "Shemeji, naomba nimsalimie mama." Ukimpata, mpe shikamoo yake, mpe hongera ya kupata mjukuu, na umuulize yeye saa gani ni nzuri. Nakuhakikishia atakujibu kwa saa, si kwa mdomo. Na usimpelekee mtori. Mama wa Rombo hahitaji mtori wa Tabata, atakuangalia tu. Lakini huenda yuko peke yake na ndoo ya nguo za mtoto, na magoti yake si ya juzi. Papai na parachichi nazo zina kazi, kwa sababu aliyepasuliwa mara nyingi choo humwia kigumu, na kujikamua na kidonda kile ni mateso. Hili wanawake hawalisemi kwenye kundi.

Tukija kwenye kundi, nimefikiria sana. Ukienda nao Jumamosi, mtakuwa wanane sebuleni. Wanane ni vikombe vinane vya chai, ni mkwe jikoni, ni kichanga kupita mikono minane, na hakuna wa kwanza kuaga kwa sababu kila mmoja anamsubiri mwenzake. Faida yake ni kwamba mambo yanaisha siku moja, na kuna wazazi wanaopenda hivyo, wanaona heri ugeni wa mara moja kuliko kuvujavuja mwezi mzima. Ukikataa peke yako, utaonekana unaringa au unamfanya rafiki kuwa wako. Njia ya katikati ni kuwaambia wenzako kwamba mchango utumwe sasa kwa simu, wakati bili ya upasuaji bado ni mbichi, na safari isubiri mpaka atoke arobaini, kukiwa na shughuli ya kumtoa mtoto au bila shughuli. Wengine watakubali kwa shingo upande. Kama hawataki kabisa, waombe waende wawili wawili. Wewe ndiye unayewajua. Mimi nawaona kwa mbali.

Kuhusu mwanao, hapo tu ndipo nitakuwa mkali kidogo. Kikohozi "kidogo" cha mtoto wa chekechea kisipelekwe kwa mtoto wa siku tisa. Chanjo ya kwanza inayomkinga kichanga na kifaduro huku kwetu hutolewa akifika wiki 6. Kabla ya hapo kinga yake dhidi ya ugonjwa huo ni ndogo mno. Kikohozi cha mwanao pengine ni mafua ya kawaida tu, lakini mafua ya kawaida yakiziba pua ya kichanga hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Na kama wewe umeambukizwa na mwanao, safari ya Jumanne isogee, umwambie sababu. Hakuna mzazi aliyewahi kumnunia mtu kwa sababu hiyo. Ukiingia, nawa mikono kwa sabuni kabla hajakuambia, usimbusu mtoto, na siku hiyo manukato yapumzike.

Nimebakiza lile la deni. Umeandika kwamba alikuja bila kuitwa akakufulia nepi siku tatu, na nimeona kama hilo ndilo linalokusukuma zaidi kuliko hamu ya kumwona. Nakuuliza tu, nawe ujijibu taratibu: je, siku zile ulikuwa na mtu mwingine wa kukufulia? Hukuwa naye. Alikuja kwenye nyumba isiyo na mama. Nyumba yake yeye leo ina mama. Ukitaka kumlipa kwa sarafu ile ile, unaweza kujikuta unagombania ndoo na mama mkwe wake, na yeye yuko chumbani anasikiliza ninyi mnavyoshindana kwa adabu. Pengo lake linaweza kuwa mahali pengine kabisa. Linaweza kuwa mwezi wa pili, mkwe akisharudi Rombo, mume yuko kazini, na yeye yuko ndani peke yake na mtoto asiyenyamaza jioni. Likizo ya uzazi ni siku 84; wageni wote humiminika ndani ya wiki mbili za kwanza, kisha hodi hukauka. Lakini sitakufanyia hesabu ya moyo wako. Inawezekana pia anakuhitaji sasa hivi, kwa jambo ambalo kwa mkwe hawezi kulisema.

Na hapo kuna upande mwingine wa kuheshimu mapumziko ambao ningeomba uuangalie. Kuna mzazi mmoja simsahau. Rafiki zake walikuwa waungwana sana, kila mmoja akasema, "Tumwache apumzike," na akaachwa kweli kweli. Aliporudi kwetu wiki ya tano alikuwa halali hata mtoto akilala, hali, anamtazama mtoto kama wa jirani. Machozi ya siku ya tatu, ya nne, ya tano ni ya kawaida, huja na kupungua ndani ya wiki mbili hivi. Yakipita hapo yakiwa yanazidi, au akianza kusema mtoto angekuwa heri bila yeye, hiyo si hali ya kuachiwa usingizi, ni ya kupelekwa kwa wataalamu siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo homa, kidonda kinachotoa usaha, damu inayozidi badala ya kupungua, au kichwa kinachogonga na macho kuona ukungu. Kwa hiyo hodi zako tatu zikikosa jibu, usimvamie, lakini usipotee pia. Mpigie mkwe. Usimuulize "mzazi hajambo?" kwa sababu atasema hajambo. Muulize, "Mama, jana usiku alilala? Amekula nini leo?" Jibu la maswali hayo mawili litakuambia kama ni usingizi tu au kuna jambo.

Ukiingia hizo dakika ishirini, usianze na mtoto. Kila anayeingia huinama kwenye kitanda cha mtoto, mama akabaki kama ukuta. Kaa upande wake, muulize kidonda kikoje, kisha nyamaza kidogo. Saa yako ikifika, inuka wewe kwanza kabla hajafikiria kukuambia ukae. Atasema, "Mbona mapema?" Hiyo nayo inaweza kuwa ya mdomo au ya kweli, na kwa miaka mliyojuana wewe utaijua sauti yake kuliko mimi.

Niandikie ukishatoka huko, au ukishageuzwa mlangoni. Na unieleze yule mama wa Rombo aliyapokeaje maparachichi yako.

Shangazi